Kukoroma, kukatika pumzi usingizini na mashine ya barakoa: namna ya kulala nayo mpaka ifanye kazi

Mgonjwa wa Tabora anaporudi nyumbani na mashine ya kuvaa usiku, majirani huuliza jambo moja: "Kumbe amefikia kuwekewa oksijeni?" Swali hilo lina madhara yake. Mgonjwa akiona haya huiweka mashine chini ya kitanda, au huivaa siku anazojisikia vibaya tu, kama mtu anayemeza dawa ya maumivu. Kwa hiyo tuanzie hapo. Mashine hii haina oksijeni ndani yake. Inavuta hewa ileile iliyomo chumbani, inaichuja vumbi, kisha inaisukuma kwenda puani kwa nguvu iliyopimwa. Mapafu ya mgonjwa huyu kwa kawaida ni mazima. Shida iko kooni, na humpata akiwa amelala tu.

Sehemu ya koo iliyo nyuma ya ulimi na kaakaa laini haina mfupa wa kuishikilia. Mchana misuli ndiyo inayoiweka wazi. Tukilala, misuli hulegea, njia ya hewa inakuwa nyembamba, na hewa inayopita kwa tabu hutikisa nyama za kooni. Mtikisiko huo ndio mkoromo. Kwa watu wengi mambo huishia hapo, na kukoroma peke yake si ugonjwa, hata kama kunamkosesha mwenzako usingizi. Kwa wengine njia hujifunga kabisa. Kifua na tumbo vinaendelea kuhangaika kuvuta, lakini hewa haiingii. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka, misuli inakaza kwa ghafla, mtu anavuta pumzi kwa kishindo, kisha anazama tena usingizini bila kukumbuka chochote asubuhi.

Kukatika kwa pumzi kunakofika sekunde 10 au zaidi ndiko kunakohesabiwa. Huhesabiwa pia pale hewa inapopungua sana bila kukatika kabisa, ikiwa oksijeni imeshuka au mtu ameshtuka kwa sababu hiyo. Jumla hugawanywa kwa saa za usingizi, na kwenye karatasi ya majibu na skrini ya mashine namba hiyo huandikwa AHI. Chini ya 5 kwa saa ni kawaida kwa mtu mzima. Kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni tatizo dogo, 15 hadi chini ya 30 ni la kati, na 30 kwenda juu ni kali.

Anayelala pembeni ndiye shahidi mzuri kuliko mgonjwa mwenyewe. Mkoromo wa kawaida unaendelea kwa mwendo mmoja. Mkoromo wa kukata pumzi unapanda, unakatika ghafla, kinafuata kimya ambacho mke au mume hukisubiri kwa hofu, halafu mtu anakurupuka kama aliyetolewa majini. Mwombe mwenzako arekodi kwa simu dakika kumi za usiku wa manane, akielekeza kamera kifuani na tumboni. Daktari akiona tumbo linapanda na kushuka huku hakuna sauti ya hewa, ameshapata nusu ya maelezo. Kuna familia ambazo husema mzee anakabwa na jinamizi. Anayekabwa na jinamizi huwa macho, anajua yuko kitandani ila hawezi kujinyanyua, na hulikumbuka tukio. Anayekatika pumzi hakumbuki. Anachojua ni kwamba ameamka kichwa kinauma, mdomo mkavu, na amechoka kuliko alivyolala.

Dalili moja huwapotosha wengi, nayo ni kwenda haja ndogo mara tatu au nne usiku. Wanaume hudhani ni tezi dume, wengine hudhani ni sukari, na ni haki vipimwe vyote viwili. Lakini koo likiwa limefungwa, kifua kinachovuta kwa nguvu huongeza damu inayorudi kwenye moyo, moyo unatanuka, nao unatoa kemikali inayoamuru figo zitoe maji. Mtu anaamka akidhani kibofu ndicho kilichomwamsha, kumbe ni pumzi.

Mgonjwa wa mfano

Tumchukue dereva wa lori wa miaka 52, anayesafirisha mizigo kati ya Urambo na Tabora mjini. Shingo yake ni nene, mzunguko wake sentimita 44. Ana presha, anameza dawa za aina tatu, na bado kipimo kinasoma 160/100. Mkewe amehamia chumba cha watoto kwa ajili ya kelele. Mwenyewe anasema halali barabarani, "nasinzia kidogo tu". Alipoulizwa maswali manane yanayotumika duniani kupima usingizi wa mchana, kila moja likiwa na alama 0 hadi 3, alipata 15. Maswali hayo huuliza kama unaweza kusinzia ukiwa abiria kwenye gari kwa saa nzima, ukiwa umekaa baada ya chakula cha mchana, ukiwa unaongea na mtu, na kadhalika. Zaidi ya 10 ni usingizi uliozidi.

Kipimo chenyewe kinaweza kufanyika nyumbani kwa usiku mmoja: kibano cha kidoleni kinachosoma oksijeni, mkanda wa kifuani, na mrija mwembamba puani unaohisi hewa. Si kila hospitali ya mkoa inacho, kwa hiyo muulize daktari wako anaelekeza wapi, na upige simu huko kabla ya kukata tiketi. Majibu ya dereva wetu yalisoma AHI 38. Kwa usingizi wa saa 7 hizo ni mara 266 ambazo mwili wake umeshtuka au kukosa hewa ya kutosha. Kila mara moyo umepigishwa mbio na mishipa imekazwa. Hapo haishangazi kwamba dawa tatu za presha zinashindwa.

Jambo la kwanza aliloambiwa halikuhusu mashine. Aliambiwa aache kuendesha mpaka usingizi wa mchana utakapodhibitiwa. Ni agizo gumu kwa mtu ambaye lori ndilo ugali wa watoto, lakini halina njia ya mkato. Kufungua dirisha, kutafuna miraa au kunywa kahawa humfanya mtu ajione yuko macho, huku ubongo bado unajizima kwa sekunde chache chache.

Hewa inavyoshikilia koo

Mashine huandikwa CPAP kwenye boksi na kwenye skrini. Ilianzia Sydney, Australia, ambako daktari Colin Sullivan aliijaribu kwa mgonjwa mwaka 1980 na kuchapisha matokeo mwaka 1981. Kazi yake ni kuweka hewa kooni kwa msukumo usiokoma, ili kuta za koo zisigusane. Msukumo hupimwa kwa sentimita za maji, na kipimo hicho unaweza kukihisi wewe mwenyewe: chovya ncha ya mrija sentimita 10 ndani ya glasi ndefu ya maji, kisha upulize mpaka mapovu yaanze kutoka. Nguvu hiyo ndiyo sentimita 10. Mashine nyingi hufanya kazi kati ya 4 na 20. Zinazojirekebisha zenyewe hupewa mipaka na daktari, kwa mfano 5 hadi 15, nazo hupanda koo linapoanza kufunga na kushuka linapotulia.

Kutokana na hilo mgonjwa aelewe mambo mawili. La kwanza, mashine haiponyi. Inashikilia, na ikivuliwa koo linarudi kwenye tabia yake usiku uleule. La pili, kila kitu kinategemea hewa kubaki ndani ya barakoa. Msukumo ukivuja pembeni ya pua, kooni hakifiki kilichokusudiwa, hata kama mashine inavuma vizuri.

Dereva wetu alipewa barakoa ya pua, mashine ya kujirekebisha kati ya 6 na 15, na akaambiwa arudi baada ya wiki moja. Aliporudi, skrini ilisoma hivi: matumizi ya wastani saa 2 na dakika 10 kwa usiku, alama ya barakoa, inayoonyesha kama hewa inavuja, nyekundu, AHI 12. Alikuwa na macho mekundu, mdomo mkavu kama mchanga, na kidonda kidogo juu ya mfupa wa pua. "Daktari, hii mashine inanikataa," alisema. "Saa 8 usiku najikuta nimeshaivua."

Kila kimoja kati ya hivyo kina chanzo chake. Macho mekundu maana yake hewa inavuja sehemu ya juu ya barakoa na kupuliza machoni usiku kucha. Kidonda cha pua kinaonyesha kwamba alipohisi inavuja alikaza mikanda. Hili ndilo kosa tunaloliona kuliko yote, na linaongeza tatizo badala ya kulipunguza. Mto laini wa barakoa unaziba kwa kujaa hewa na kujilaza usoni. Ukikazwa sana unakunjamana, na kwenye kunjo ndipo hewa inapotokea. Mdomo mkavu unaonyesha kwamba pua ilikuwa imeziba, mdomo ukafunguka, hewa ikaingilia puani na kutokea mdomoni. AHI ya 12 inamaanisha kwamba hata katika saa mbili alizovaa, msukumo haukuwa unafika ipasavyo.

Saa 8 usiku nayo si ya kupuuzwa. Usingizi wa ndoto huongezeka kuelekea alfajiri, na katika usingizi huo misuli hulegea kuliko wakati mwingine wowote. Kwa wagonjwa wengi pumzi hukatika kwa muda mrefu zaidi saa hizo. Anayevaa kuanzia saa 4 mpaka saa 8 usiku kisha akavua, ameulinda usiku kwenye sehemu yake nyepesi na kuuacha wazi kwenye sehemu nzito. Ndiyo maana saa 4 za matumizi, ambazo hutajwa mara nyingi kama kiwango cha chini, zisichukuliwe kuwa ndizo lengo. Lengo ni kila unapolala, pamoja na usingizi wa mchana.

Kuivaa upya, hatua kwa hatua

Dereva alielekezwa kuivaa tena mbele ya muuguzi, na mkewe akiwepo, maana ndiye atakayekuwa msaada usiku.

Kwanza aoshe uso kwa sabuni na asipake mafuta ya mgando. Mafuta hutelezesha mto wa barakoa na kuuharibu mapema. Ndevu zinazopita chini ya mto zinyolewe au zipunguzwe. Kisha abandike barakoa usoni kwa mkono, avute mikanda nyuma ya kichwa na kuifunga kwa ulegevu, upande wa kulia sawa na wa kushoto. Hapo bado mashine haijawashwa.

Sasa alale kitandani vile anavyolala kila siku, si akiwa amekaa, kwa sababu uso hubadilika umbo ukilala. Awashe mashine. Hewa ikishaingia, ashike barakoa aivute mbele kidogo itoke usoni, kisha airudishe taratibu ili mto ujae na kukaa wenyewe. Mkewe apitishe kiganja kuzunguka kingo. Hewa ikimpiga sehemu ya macho, wakaze kidogo mikanda ya juu tu. Ikimpiga karibu na mdomo, mikanda ya chini tu. Wakimaliza, vidole viwili viweze kupita chini ya mkanda shavuni. Hewa inayotoka kwenye vitundu vidogo vya mbele ya barakoa isizibwe kamwe, hata ikipiga kelele. Hapo ndipo hewa chafu uliyoitoa inapotokea, na ukiviziba kwa plasta utavuta hewa yako mwenyewe.

Mashine nyingi zina kipengele kwenye menyu kiitwacho Mask Fit au kinachofanana nacho. Ukikibonyeza, mashine hutoa msukumo mkubwa kwa dakika chache ili ujue kama barakoa itavumilia saa za usiku. Rekebisha mikanda wakati huo. Barakoa inayoziba vizuri kwenye msukumo wa 5 inaweza kuvuja kabisa kwenye 12.

Pua yake ilikuwa na mafua ya vumbi, jambo la kawaida Tabora katika miezi ya kiangazi. Alielekezwa kusafisha pua jioni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kimoja cha mililita 250 na robo ya kijiko cha chai cha chumvi, na daktari akampa dawa ya kupuliza puani ya kutuliza uvimbe. Zile dawa za matone zinazofungua pua papo hapo zisitumike zaidi ya siku chache, kwani baadaye huziba pua kuliko ilivyokuwa. Kama pua ingeendelea kuziba, njia iliyobaki ilikuwa kubadili barakoa na kupewa inayofunika pua na mdomo kwa pamoja.

Alilalamika pia kwamba mwanzoni anakosa hewa. Kwenye skrini kulikuwa na Ramp, yaani muda wa msukumo kupanda polepole, ya dakika 45 iliyoanzia 4. Watu wengi hudhani msukumo mdogo ndio wa upole, lakini mtu mwenye mwili mkubwa akianza na 4 hujisikia kama anavutia hewa kwenye kitambaa. Daktari aliipandisha kuanzia 6 na kufupisha muda kuwa dakika 15. Usiku uleule malalamiko hayo yaliisha. Mipaka ya msukumo wenyewe, yaani ile 6 hadi 15, mgonjwa asiiguse.

Kwa anayehisi kubanwa roho mara tu barakoa inapogusa uso, dawa ni mazoezi ya mchana. Siku ya kwanza ashike barakoa usoni kwa mkono huku mashine imewaka na yeye anasikiliza redio, dakika 10. Siku zinazofuata afunge mikanda, akae hivyo nusu saa. Baadaye alale nayo mchana. Ubongo ukijifunza ukiwa macho kwamba hewa inakuja na barakoa inavulika kwa mkono mmoja, usiku hautahangaika kuing'oa.

Wanawake wenye nywele za kusuka huona mikanda inateleza. Kilemba chembamba cha pamba chini ya mikanda husaidia, ila kisifike chini ya mto wa barakoa.

Chandarua, vumbi na maji

Maelekezo ya kwenye boksi hayataji chandarua, na kwetu hilo ndilo swali la usiku wa kwanza. Mashine ikae nje ya chandarua, kwenye stuli au meza fupi iliyo chini kuliko kichwa cha mgonjwa, ili maji ya kwenye tangi yasitiririke kuja usoni. Mpira wake wa kupitisha hewa una urefu wa karibu mita 1.8, unatosha. Uingize kwa chini, ukingo wa chandarua uuzungushe mpira na kuusokomeza chini ya godoro upande wa kichwani. Usitoboe chandarua, wala usikinyanyue ukiache wazi kisa mpira. Ukipenda kuupitisha mpira juu ya kichwa, ufunge kwa utepe kwenye ubao wa kitanda ili ukigeuka usikuvute. Chumba kikipuliziwa dawa ya mbu, mashine iwe imezimwa na kufunikwa, na usiiwashe mpaka harufu iishe. Vivyo hivyo moshi wa jiko la mkaa: mashine itakuletea moja kwa moja puani chochote kilichomo hewani.

Filta iko nyuma au ubavuni, kipande kidogo cheupe. Kwa vumbi la Tabora ikague kila wiki. Ikiwa ya kijivu, badilisha. Ile nyembamba ya kutupa haifuliwi, kwani ikilowa hupoteza uwezo wa kuchuja.

Tangi la maji ni la kulainisha hewa ili pua isikauke. Maji yanayotakiwa ni yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi. Usichukue maji ya betri kwenye duka la spea. Hayakutengenezwa kwa ajili ya kuvutwa mapafuni, na kwenye rafu hiyohiyo hukaa chupa za asidi zinazofanana nayo. Ukikosa maji yaliyotoneshwa, tumia yaliyochemshwa na kupoa, ujue tu kwamba kuchemsha huua vijidudu ila hakuondoi chumvi za maji ya kisima, hivyo utaona utando mweupe chini ya tangi. Utando huo hutoka kwa kuloweka siki iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya siki kwa kumi za maji, kisha kusuuza vizuri. Maji yaliyobaki asubuhi yamwagwe kila siku, tangi likauke. Mto wa barakoa nao uoshwe kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Mpira na mikanda ni mara moja kwa wiki. Vyote vikaukie kivulini, jua hufanya plastiki iwe ngumu na kupasuka.

Usiku wa baridi wa mwezi wa 6 na wa 7 utasikia mpira unagugumia kama kuna maji ndani. Yamo kweli: hewa yenye unyevu imepoa njiani. Punguza kiwango cha unyevu kwenye mashine au zungushia mpira kitambaa.

Umeme ukikatika

Hofu ya kukosa hewa umeme ukikatika haina msingi mkubwa. Aliyevaa barakoa ya pua atafungua mdomo, na barakoa inayofunika mdomo ina kizibo kinachofunguka chenyewe msukumo ukiisha. Wengi huamka. Vua barakoa, lala ubavu, basi.

Kwa wanaotumia sola, hesabu ni rahisi. Kinachokula umeme ni joto la tangi la maji. Mashine ikiwa na joto inaweza kutumia wati 50. Ukizima joto hilo inashuka hadi karibu wati 10 mpaka 20. Tukichukua 15 kwa saa 8 ni wati-saa 120. Betri ya volti 12 yenye Ah 50 ina wati-saa 600, na kwa kuwa betri za kawaida za sola haifai kuzimaliza zaidi ya nusu, unabaki na 300. Hizo ni usiku mbili bila joto, na hazitoshi hata usiku mmoja kwa wati 50. Soma volti kwenye adapta kwanza, maana mashine nyingi ni za volti 24, hivyo unahitaji kigeuzi cha 12 kwenda 24 cha mashine hiyo, au inveta nzuri inayotoa umeme uliotulia kama wa TANESCO. Inveta za bei rahisi zimeua adapta nyingi.

Baada ya wiki tatu

Dereva wetu aliporudi, skrini ilisoma saa 5 na dakika 40, alama ya barakoa kijani, AHI 3.2. Alama za usingizi wa mchana zimeshuka kutoka 15 hadi 8, anaamka usiku mara moja tu, na mkewe amerudi chumbani. Mambo matatu ya kwenye skrini ndiyo ya kuangalia kila asubuhi, na kwa mpangilio huu: kwanza saa, kisha uvujaji, mwisho AHI. AHI nzuri ya mtu aliyevaa saa mbili haina maana. AHI mbaya wakati barakoa inavuja itengenezwe kwanza kwa barakoa. Lakini ikiwa saa zinatosha, barakoa haivuji, na AHI bado inabaki juu ya 10 kwa wiki nzima, rudi kwa daktari. Inawezekana msukumo hautoshi, au kuna aina nyingine ya kukatika pumzi ambapo koo liko wazi ila ubongo hautoi amri ya kuvuta. Hiyo hutokea zaidi kwa wenye moyo uliochoka, na tiba yake ni tofauti.

Presha yake baada ya miezi mitatu ilisoma 148/92. Imeshuka, lakini dawa zinaendelea. Kwa wastani mashine hii hushusha presha ya juu kwa alama 2 au 3 tu. Wenye presha sugu kama yeye hupata zaidi, na hata hao hawaachi dawa bila daktari. Faida kubwa na ya uhakika ni usingizi wa mchana kuondoka.

Pombe bado ni adui. Bia au gongo karibu na kulala hulegeza koo zaidi, na mkoromo hurudi hata ndani ya barakoa, kwa hiyo iachwe angalau saa 4 kabla. Vidonge vya usingizi kama diazepam navyo ni hivyohivyo. Uzito nao una sehemu yake: aliye na kilo 110 akipunguza 11, AHI hushuka kwa takribani robo. Ni hatua kubwa, ila mwenye 38 akishuka robo anabaki na 28 hivi, kwa hiyo mashine haiwekwi kando mpaka kipimo kirudiwe.

Kuhusu mashine zinazotumwa na ndugu kutoka Ulaya au Marekani: soma jina na namba ya toleo kabla ya kuiwasha. Juni 2021 kampuni ya Philips iliondoa sokoni mamilioni ya mashine zake, zikiwemo DreamStation za toleo la kwanza, kwa sababu sponji ya kuzuia sauti ndani yake inaweza kumomonyoka na chembe zake kuvutwa na mgonjwa. Baadhi ya hizo bado zinazunguka kama za mtumba. Mashine nyingine yoyote iliyotumika inahitaji filta, mpira na barakoa mpya, na msukumo upangwe upya kwa kipimo chako, maana uliomo ndani ni wa koo la mtu mwingine.

Ukilazwa, au ukiandaliwa kwa upasuaji, mwambie mtaalamu wa nusu kaputi kwamba unakatika pumzi usiku, na beba mashine yako wodini. Dawa za nusu kaputi na za maumivu makali hulegeza koo, na saa za kwanza baada ya upasuaji ndizo unazoihitaji zaidi. Safarini usiiweke kwenye buti la basi. Mwaga maji, kausha tangi, ibebe mkononi.